Taarifa ya robo mwaka kwa wawekezaji, pale robo ilipokwenda vibaya

Mwongozo huu ni wa kampuni changa iliyochukua fedha za wawekezaji wachache, robo mwaka imeisha, na hesabu ziko chini ya ahadi. Kampuni zilizo kwenye soko la hisa zina kanuni zake. Kenya, kwa mfano, kampuni ya sokoni ikiona faida ya mwaka itashuka kwa asilimia 25 au zaidi ikilinganishwa na mwaka uliotangulia, inapaswa kutoa tahadhari kwa umma. Kampuni binafsi haibanwi hivyo. Kinachoibana ni mkataba wa wanahisa, na mara nyingi mkataba unataja tu kwamba hesabu zisizokaguliwa zitumwe ndani ya siku kadhaa baada ya robo kuisha. Usome kwanza, uone idadi ya siku na nani anastahili kupata nini. Yaliyobaki ni juu yako, na hapo ndipo wengi huteleza.

Tutatumia mfano mmoja wa kubuni mwanzo hadi mwisho. Kampuni iko Dar es Salaam, inanunua unga, mafuta ya kula, sukari na sabuni kwa jumla na kuyapelekea maduka ya mtaani. Maduka hupewa mzigo kwa mkopo wa siku 14. Robo inayoripotiwa ni Julai hadi Septemba, na fedha zote hapa ni milioni za shilingi za Tanzania.

1. Funga hesabu kabla ya kuandika neno

Hesabu mzigo ghalani jioni ya tarehe 30 Septemba, watu wawili wakihesabu, mmoja asiwe mtunza ghala. Hadi tarehe 7 Oktoba, salio la benki na la kila Lipa Namba liwe limelinganishwa na daftari. Hadi tarehe 12, hesabu ziwe zimefungwa. Taarifa yenyewe itoke tarehe 20 hivi. Ukiivuta hadi Novemba ya katikati, wawekezaji wanasoma habari za robo ambayo imeshapitwa, na wazoefu wanajua kwamba taarifa inayochelewa huwa ina kitu kibaya ndani.

Makosa ya kufunga hesabu karibu yote hutokea kwenye mpaka wa tarehe. Mzigo uliotoka ghalani tarehe 30 jioni na kupokelewa dukani tarehe 1 ni mauzo ya Oktoba, hata kama ankara imeandikwa Septemba. Fedha zilizolala kwenye Lipa Namba bila kuhamishiwa benki huhesabiwa mara mbili, au zisihesabiwe kabisa. Bidhaa zilizouzwa mwishoni mwa Septemba na kurudishwa wiki ya kwanza ya Oktoba lazima zitolewe. Ukiona mauzo ya siku tatu za mwisho yamezidi sana siku za kawaida, chukua hati za makabidhiano uzipitie moja moja. Timu iliyo nyuma ya lengo husukuma mzigo madukani wiki ya mwisho, na mzigo huo hurudi.

2. Weka jedwali lilelile la robo iliyopita

Mistari isizidi kumi, na isibadilike robo hadi robo. Kila mstari uwe na lengo, matokeo, na matokeo ya robo iliyotangulia. Lengo ni lile ulilowapa wawekezaji mwanzoni, lisiwe lile ulilolishusha kimyakimya mwezi Agosti.

| Milioni za shilingi | Lengo | Julai–Septemba | Aprili–Juni |
|---|---|---|---|
| Mauzo | 900 | 738 | 690 |
| Faida ghafi | 81 | 48 | 62 |
| Gharama za uendeshaji | 120 | 126 | 117 |
| Hasara kabla ya fungu la madeni mabaya | 39 | 78 | 55 |
| Madeni ya maduka | 110 | 154 | 96 |
| Madeni yaliyopitisha siku 30 | 9 | 31 | 8 |
| Fedha mwisho wa robo | 323 | 262 | 410 |

Ukitazama safu mbili za mwisho peke yake, mauzo yamepanda kwa asilimia 7, na mtu anaweza kuandika hivyo bila kusema uongo. Lakini faida ghafi ilikuwa asilimia 9 ya mauzo, sasa ni asilimia 6.5. Kampuni imeuza zaidi ikabakiwa na kidogo. Bila safu ya lengo na mstari wa faida ghafi, habari hiyo yote inapotea, na ndiyo sababu jedwali halichaguliwi upya kila robo.

Mstari unaochezewa kuliko yote ni ule wa madeni yaliyopitisha siku 30. Andika chini ya jedwali unavyouhesabu: siku zinaanza pale muda wa siku 14 unapoisha, na duka likipitisha siku 30 basi deni lake lote linaingia humo, pamoja na sehemu ambayo muda wake bado. Kisha jihadhari na mambo mawili. La kwanza ni kupanga upya deni. Mwenye duka anayedaiwa shilingi 900,000 anasaini makubaliano mapya ya kulipa kidogo kidogo, mfumo unaanza kuhesabu siku kutoka sifuri, na deni linatoweka kwenye mstari bila shilingi moja kuingia. La pili ni duka kupewa mzigo mpya wa mkopo, likauuza haraka kwa bei ya chini na kulipa deni la zamani kwa fedha hizo. Makusanyo yanaonekana mazuri wiki hiyo, deni limehamia tu kwenye ankara nyingine. Madeni yaliyopangwa upya yaonyeshe kwa mstari wake, na katika hesabu ya siku 30 yaache yalipokuwa hadi duka lilipe awamu tatu mfululizo.

Kama kweli njia ya kuhesabu ilikuwa mbovu na unataka kuibadilisha, toa robo hii kwa njia zote mbili, ya zamani na mpya. Robo inayofuata unaweza kuiacha ya zamani.

3. Eleza fedha zilikokwenda

Hili ndilo jambo ambalo mwekezaji atalisoma mara mbili. Fedha zimeshuka kutoka milioni 410 hadi 262, yaani zimepungua 148, ilhali hasara ni 78. Zilizobaki 70 ziko wapi? Usimwachie msomaji afanye hesabu hiyo mwenyewe. Iandike hatua kwa hatua:

Tulianza na 410. Hasara ya uendeshaji ikala 78. Madeni ya maduka yaliongezeka kwa 58, hizo ni fedha zetu zilizoko mikononi mwa wenye maduka. Tulinunua kirikuu mbili kwa 34, na hizo zilikuwa kwenye bajeti. Ankara ya msambazaji ya 22, iliyopaswa kulipwa Septemba, tuliisogeza hadi Oktoba. Tukabaki na 262.

Jumla lazima itimie kamili. Ikibaki tofauti, hata ya milioni mbili, rudi hatua ya kwanza, kwa sababu kuna kitu hakijafungwa.

Sasa angalia ile ankara ya 22. Salio la benki ni 262, lakini 22 kati yake ni za msambazaji, kwa hiyo fedha unazoweza kuziita zako ni 240. Kusogeza malipo siku chache kabla ya robo kuisha ni ujanja wa zamani, na wakati mwingine ni biashara ya kawaida tu. Vyovyote iwavyo, utaje. Fanya hivyo hivyo kwa kodi ya mishahara, michango ya hifadhi ya jamii na VAT ulizokata au kukusanya na ambazo bado hujazipeleka. Hizo ziko kwenye akaunti yako kwa muda tu.

Kutoka hapo unapata jibu la swali kuu: fedha zitatufikisha lini? Mtu mwenye haraka atagawa 262 kwa hasara ya mwezi, 26, apate miezi 10, yaani hadi mwisho wa Julai. Hesabu hiyo imeacha mikopo ya maduka, ambayo inakula fedha kila mwezi kama mshahara, na imehesabu fedha za msambazaji. Hesabu sahihi huanza na 240. Matumizi ya robo ni hasara 78 na ongezeko la madeni 58, jumla 136, sawa na 45.3 kwa mwezi. Kirikuu unaziacha nje kwa kuwa hutazinunua tena robo ijayo, na useme kwamba umeziacha. 240 ikigawanywa kwa 45.3 ni miezi 5.3. Fedha zinaisha mapema Machi.

Kati ya mwisho wa Julai na mapema Machi kuna karibu miezi mitano, na yote mawili yanatoka kwenye vitabu vilevile. Andika Machi.

4. Pigia simu kabla ya kutuma

Habari ya ukubwa huu haitakiwi kumfikia mwenyekiti wa bodi au mwekezaji mkubwa kwa barua pepe saa ileile na wengine wote. Ukishajua Machi, hata kabla hesabu hazijafungwa kabisa, piga simu. Dakika kumi na tano zinatosha: fedha zinaisha lini, kwa nini, unafanya nini, taarifa kamili itafika tarehe ngapi. Usimwombe chochote siku hiyo. Na kama pengo lilishaonekana Agosti, simu ilitakiwa kupigwa Agosti. Taarifa ya robo ni kumbukumbu ya yale ambayo watu wa karibu wameshaambiwa.

5. Aya ya kwanza ibebe namba mbaya

Wawekezaji wengi wanasomea kwenye simu, na wengine wana kampuni ishirini za kufuatilia. Wakifungua wakutane na picha za maonyesho ya biashara na tuzo, namba mbaya itakuwa chini kabisa na watahisi imefichwa hata kama hukukusudia. Kwa mfano wetu, aya ya kwanza inaweza kuwa hivi:

> Robo hii tuliuza milioni 738 dhidi ya lengo la 900. Faida ghafi ilishuka kutoka milioni 62 hadi 48 ingawa mauzo yaliongezeka. Madeni yaliyopitisha siku 30 yamefika milioni 31, kutoka 8. Tukiendelea tulivyo, fedha zinaisha mapema Machi. Tangu tarehe 6 Oktoba tumesimamisha mikopo kwa maduka mapya na kubadilisha bei. Kwa makadirio yetu hatua hizo zinatufikisha mwishoni mwa Juni. Maelezo yako hapa chini.

Sentensi saba. Hakuna maneno ya kutia moyo, na hayahitajiki. Mafanikio ya robo yapo na yana sehemu yake baadaye, kwa aya fupi. Kwa mfano, maduka ya zamani ya Temeke na Ilala yanaendelea kununua na kulipa kwa wakati. Huo ni ushahidi kwamba biashara yenyewe inasimama, basi uweke na namba yake.

6. Yaliyokwenda vibaya: kiasi, mahali, sababu

Sentensi kama "tulikumbana na changamoto za makusanyo kutokana na hali ya soko" haina taarifa ndani yake. Mwekezaji anataka kujua tatizo lina ukubwa gani, limekaa wapi, na nani aliamua kilicholeta tatizo. Ili ujue limekaa wapi, lipasue deni: kwa eneo, kwa mwezi duka lilipoanza kununua, na kwa afisa mauzo. Mara nyingi linaangukia sehemu moja. Katika mfano wetu, kati ya milioni 31, milioni 23 ni za maduka 64 ya Mbagala yaliyofunguliwa Julai na Agosti. Nane zilizobaki zimetawanyika, kiasi kilekile cha robo iliyopita. Kwa hiyo wateja wa zamani hawajabadilika. Kilichobadilika ni namna wapya walivyoingizwa.

Aya yake isomeke hivi:

> Kanuni yetu ilikuwa duka jipya linunue kwa fedha taslimu wiki nne kabla ya kupewa mkopo. Mwezi Julai uongozi uliiondoa kanuni hiyo kwa Mbagala ili tufikie lengo la mauzo. Maduka 64 yalipewa mkopo kuanzia mzigo wa kwanza. Hadi 30 Septemba yanadaiwa milioni 23 zilizopitisha siku 30. Tunakadiria kwamba milioni 16 hazitarudi: hayo ni madeni ya maduka yaliyofungwa au ambayo hayajalipa chochote kwa siku 45. Tumetenga fungu la kiasi hicho, na hasara ya robo baada ya fungu hilo ni milioni 94.

Zingatia kwamba aliyeamua ni "uongozi". Afisa mauzo wa Mbagala hatajwi kwa jina, na hata angekuwa mzembe, taarifa ya wawekezaji si mahali pake. Usiambatishe pia orodha ya wenye maduka na namba zao za simu ili kuthibitisha deni. Tanzania ina sheria ya kulinda taarifa binafsi tangu 2022, Kenya tangu 2019, na barua pepe ya wawekezaji husambazwa bila wewe kujua. Namba za maduka kwenye mfumo wako zinatosha.

Faida ghafi nayo ipasuliwe. Kwa asilimia 9, mauzo ya 738 yangetoa kama 66. Zimepatikana 48, pengo ni 18. Msambazaji alipandisha bei ya mafuta ya kula Agosti na kampuni ikaendelea kuuza kwa bei ya zamani wiki tatu: 11. Punguzo la kufungulia Mbagala: 7. Sababu ya kwanza imeshaisha, ya pili ilikuwa ya hiari. Mwekezaji akiona mgawanyo huo anaweza kupima mwenyewe kama asilimia 6.5 itadumu.

7. Shilingi kwanza, dola baadaye

Kama fedha ziliingia kwa dola, wapo watakaotaka dola. Wape, lakini hukumu ya biashara ifanyike kwa shilingi, na kiwango cha kubadilishia fedha kiandikwe. Kenya imetoa somo zuri hapa. Mwanzoni mwa 2024 dola moja ilikuwa karibu shilingi 160, na miezi michache baadaye ikawa karibu 130. Kampuni iliyouza kiasi kilekile cha shilingi ilionekana kukua kwa zaidi ya asilimia 20 kwenye taarifa ya dola. Mwaka 2023 ilikuwa kinyume: shilingi ilishuka mwaka mzima, na wauzaji waliokuwa wakikua walionekana wanadumaa. Kwa mauzo na gharama tumia wastani wa robo. Kwa salio la benki tumia kiwango cha siku ya mwisho. Ukichanganya, jumla za dola hazitakutana, na utapata maswali mengi yasiyo na maana.

8. Hatua zinazofuata ziwe na tarehe na kizingiti

Anza kwa kunakili ahadi za robo iliyopita neno kwa neno, na mbele ya kila moja uandike: imefanyika, haijafanyika, au tumeiacha na kwa nini. Bila hilo kila robo inakuwa na mpango mpya mzuri, na hakuna anayekumbuka wa zamani.

Kisha mipango mipya, mitatu au minne tu:

> Mikopo kwa maduka mapya imesimama tangu 6 Oktoba. Wiki nne za fedha taslimu zimerudi kila mahali. Bei ya mafuta ya kula inapitiwa kila Jumatatu. Wakusanyaji wawili wamehamishiwa Mbagala hadi mwisho wa Novemba. Ikifika 30 Novemba na hatujakusanya angalau milioni 6 za Mbagala, tunafunga kituo hicho, na bodi itakutana wiki ya kwanza ya Desemba kuamua namna.

Kizingiti kikiandikwa sasa, Novemba hakuna nafasi ya kubishana kama hali "inatia matumaini". Kiwe kigumu kiasi, lakini kinachofikika: Mbagala inadaiwa 23, umeshakiri 16 hazirudi, basi 6 kati ya 7 zilizobaki ni kipimo cha haki.

Makadirio mapya ya fedha yaonyeshe dhana zake. Ukibana mikopo, mauzo yatashuka; wanaosahau hili huandika mpango ambao gharama zinapungua na mauzo yanabaki palepale. Hapa tumekadiria mauzo ya 600 kwa robo, faida ghafi ya asilimia 7.5, yaani 45, na gharama 120. Hasara ni 75, sawa na 25 kwa mwezi. Madeni hayaongezeki, na makusanyo ya Mbagala tumeyahesabu sifuri. Oktoba bado inakwenda kwa mwendo wa zamani, kwa hiyo mwisho wake zinabaki kama 195. Ukizigawa kwa 25 ni karibu miezi minane, mwishoni mwa Juni. Mpango usioacha mwezi mmoja wa kuchelewa kwa hatua hupendeza kwenye karatasi na huvunjika Desemba.

Ombi liwe la kitu ambacho msomaji anaweza kukitenda wiki hii: kukutanisha na msambazaji mwingine wa mafuta ya kula anayetoa siku 30 za kulipa, au kupitia mkataba wa mkopo wa benki. Kama utahitaji fedha zaidi, sema kwamba utahitaji, lini, na kwamba mazungumzo yatafanyika kwenye bodi. Ukilichanganya ombi la fedha na taarifa ya hasara, watu husoma taarifa nzima kama utangulizi wa ombi.

9. Kutuma na baada ya kutuma

Mpe mhasibu asiyehusika na uandishi aikague taarifa namba kwa namba dhidi ya hesabu zilizofungwa, pamoja na zile zilizo ndani ya sentensi. Huko ndiko hubaki namba za rasimu ya kwanza. Tuma nakala ileile kwa wote wanaostahili, siku moja, anwani zikiwa zimefichwa. Usitengeneze toleo laini kwa mwekezaji mwenye hasira, wala toleo refu kwa rafiki. Wanapigiana simu.

Maswali yakija, jibu ndani ya siku mbili, na jibu lenye namba mpya lipeleke kwa wote. Ukigundua kosa baada ya kutuma, tuma sahihisho lenye namba ya zamani na mpya pamoja na sababu, siku hiyohiyo. Hifadhi taarifa iliyotumwa pamoja na toleo la hesabu lililotumika. Siku mtu akitaka kununua hisa atakuomba taarifa za robo nane zilizopita na kuzilinganisha na vitabu. Anayenunua kwa kutegemea namba uliyoipamba ana njia ya kukudai mahakamani, kwa hiyo kabla ya kumpa mtu wa nje taarifa hizi, mwanasheria wako azione na makubaliano ya kutunza siri yawe yamesainiwa.